SOMO: Barua ya Shule Ibebe Wito, Isibebe Siri ya Mtoto

Barua inayotoka shuleni kwenda kwa mzazi katika Kata ya Kwai hupita mikono mingi kabla ya kufika. Aghalabu hukabidhiwa mwanafunzi mwingine anayeishi kitongoji kimoja na mhusika, ikiwa imekunjwa mara mbili bila bahasha. Njiani husomwa na watoto watatu au wanne. Ikifika, mlezi yumo bustanini mwa kabichi au amekwenda gulioni, hivyo huachwa dukani. Na mlezi mwenyewe akiwa bibi asiyejua kusoma, humwomba jirani amsomee kwa sauti, pale pale barazani.

Ujumbe wa simu nao hauna njia iliyo salama zaidi. Namba iliyoandikwa katika daftari la shule huenda ni ya shangazi, ya mjomba aliye Mombo, au ya mwenye duka ambako simu za watu kadhaa huachwa zikichajiwa. Ujumbe unapoingia, maneno yake ya kwanza huonekana juu ya kioo hata kabla simu haijafunguliwa.

Kwa hiyo anayeandika kuhusu mwanafunzi hana budi kukiri jambo moja tangu mwanzo: hamwandikii mzazi peke yake. Somo hili linaeleza ni maneno gani yaachwe nje ya maandishi yanayohusu afya, familia na tabia ya mwanafunzi, na maneno hayo yakishaondolewa yapelekwe wapi. Linawahusu walimu na wajumbe wa Kamati za Shule, na linawahusu vilevile wazazi na walezi, kwa kuwa nao huandika barua za ruhusa na hutuma ujumbe katika makundi ya WhatsApp ya wazazi.

Barua moja na makosa yake

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo, nao si wa shule wala familia yoyote. Mwanafunzi wa Darasa la Tano, anayelelewa na bibi yake, alianguka darasani siku ya Ijumaa. Jumatatu aliporudi, mwenzake alimwigiza jinsi alivyoanguka, naye akampiga. Mwalimu wa darasa, aliyekuwa na nia njema na haraka nyingi, aliandika hivi:

*"YAH: KIFAFA NA UKOROFI WA MWANAO FULANI BIN FULANI, DARASA LA V*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ijumaa mwanao alianguka kifafa mbele ya darasa na kujikojolea. Tangu mama yake aondoke nyumbani na baba yake kuzidisha pombe, mtoto amekuwa mkorofi. Leo amempiga Fulani binti Fulani na kumvunja jino. Tunafahamu bibi umezeeka na humwezi. Fika shuleni Jumatano saa 3:00 asubuhi pamoja na kadi yake ya hospitali na dawa anazotumia.*

*Nakala: Mtendaji wa Kijiji, Mwenyekiti wa Kitongoji."*

Hakuna uongo wowote katika barua hii. Kila lililoandikwa lilitokea. Hata hivyo, kati ya maneno yake yote, yanayomwezesha bibi kufanya jambo ni machache mno: afike shuleni, Jumatano, saa 3:00 asubuhi. Yaliyosalia hayamwongezei bibi uwezo wa kutenda. Yanawaongezea wapita njia mambo ya kuzungumza.

Hapo ndipo kilipo kipimo cha somo zima. Kwa kila neno lililoandikwa, mwandishi ajiulize: mpokeaji atafanya nini kwa neno hili leo? Likiwa na jibu, libaki. Likiwa halina jibu, liondolewe katika maandishi, lisubiri kusemwa ana kwa ana. Barua ibebe kinachotakiwa kufanywa. Sababu zake zisemwe kwa kinywa, kwa yule anayepaswa kuzijua.

Afya: ugonjwa hujitaja hata usipotajwa

Neno la kwanza la kuondolewa ni "kifafa". Mwalimu aliona mtoto akianguka na kutetemeka, hakuona kifafa. Mtoto huweza kuanguka kwa homa kali, kwa malaria, kwa njaa au kwa upungufu wa sukari mwilini. Kuutaja ugonjwa kwa jina ni kazi ya mtaalamu wa afya baada ya uchunguzi. Mwalimu akiliandika neno hilo, anampa mtoto jina ambalo huenda si lake, na ambalo halitafutika kijijini hata hospitali ikithibitisha vingine.

Na hata jina likiwa la kweli, madhara yake hayapungui. Wapo wanaoamini kwamba povu la mtu aliyeanguka huambukiza. Si kweli, kifafa hakiambukizi. Lakini imani hiyo ikiikuta barua ile njiani, kufikia Jumanne watoto watakuwa wamehama dawati lake na kukataa kunywea kikombe alichonywea. Mtoto aliyeanguka mara moja ataadhibiwa kila siku.

Wengi hudhani kwamba kutokuandika jina la ugonjwa kunatosha. Hakutoshi, kwa sababu ugonjwa una njia nyingine tatu za kujitaja. Njia ya kwanza ni jina la kliniki. Barua ya ruhusa inayosema mtoto amekwenda CTC imekwisha kusema kila kitu, kwa kuwa kila mtu anafahamu kwamba CTC ni kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Njia ya pili ni jina la dawa, au saa ya kuzimeza. Njia ya tatu ni mfululizo wa tarehe: ruhusa inayotaja "kliniki yake ya kila mwezi" humfanya msomaji aanze kuhesabu na kukisia.

Mzazi anayeomba ruhusa hahitaji chochote kati ya hayo. Inatosha kuandika: *"Mtoto ana miadi ya hospitali Jumanne. Atarejea shuleni Jumatano."* Mwalimu anapata anachohitaji, yaani siku ya kukosekana na siku ya kurudi, ili ajaze daftari la mahudhurio. Katika daftari hilo nako panatosha kuandikwa kwamba ana ruhusa, kwa kuwa daftari hukaa juu ya meza na wanafunzi hulibeba kulipeleka ofisini. Kwa binti aliye katika hedhi, maneno "hajisikii vizuri" yanatosha pia, na mwalimu hana haja ya kudai zaidi kwa maandishi.

Dharura ina taratibu zake. Mtoto akiwa amepelekwa zahanati, mzazi ana haki ya kujua mara moja, na njia bora ni kupiga simu. Isipopokelewa, ujumbe useme mtoto yuko wapi, yuko na nani na mzazi afanye nini: *"Mtoto wako hakujisikia vizuri leo saa 4:00 asubuhi. Yuko zahanati pamoja na mwalimu. Tafadhali piga simu hii mara uonapo ujumbe."* Hapo hakuna jina la mtoto wala la ugonjwa, lakini mzazi anajua pa kwenda.

Familia: barua si mahali pa kueleza nyumba ya mtu

Sentensi kuhusu mama aliyeondoka na baba anayekunywa iliandikwa kwa huruma. Mwalimu alitaka kuonyesha kwamba mtoto si mbaya kwa asili, bali ana mzigo. Ni aina ya kosa linalotokea mara nyingi zaidi, kwa maana mtu hujihadhari anapotaka kulaumu, lakini hajihadhari anapotaka kutetea.

Bibi anafahamu fika kwamba binti yake ameondoka, hahitaji kuandikiwa. Wasiofahamu ni wale wanaoisoma barua njiani. Isitoshe, habari za nyumbani kwa kawaida hufika shuleni kwa kupitia mtoto mwenyewe, aliyemwamini mwalimu akamwambia. Akizisikia zikisomwa barazani, atajifunza kutomwambia tena mtu mzima yeyote jambo lolote. Siku atakapokuwa na jambo zito zaidi, atanyamaza.

Mambo ya familia ambayo hayana nafasi katika ujumbe ni pamoja na kutengana kwa wazazi, ulevi, kifungo, madeni, ugonjwa wa mzazi, na iwapo kaya inapokea ruzuku ya TASAF. Neno "yatima" nalo liachwe. Orodha inayobandikwa ukutani ikiwa na kichwa "wanafunzi yatima watakaopewa sare" huwapa watoto sare kwa mkono mmoja na kuwatangaza kwa mkono mwingine. Sare zinaweza kutolewa kwa kumwita mlezi mmoja mmoja. Vivyo hivyo kwa orodha ya wasiochangia chakula cha mchana: deni ni la mzazi, naye aulizwe peke yake, si kupitia jina la mtoto ukutani au katika kundi la wazazi.

Hata salamu ya barua huweza kufichua. "Kwa Baba wa Fulani" humuumiza mtoto aliyefiwa na baba, nayo "Kwa bibi anayemlea Fulani" hueleza kwamba wazazi hawapo. Maneno "Mzazi/Mlezi" humfaa kila mmoja wala hayafichui lolote.

Huruma hiyo hiyo huonekana katika makundi ya WhatsApp, pale mjumbe anapotaka wazazi wamchangie mtoto mgonjwa. Huweka picha ya mtoto akiwa kitandani, jina lake, darasa lake na ugonjwa wake. Mchango huo unaweza kukusanywa bila hayo. Kwanza mlezi aulizwe kama anaridhia kuombewa msaada, na mtoto mwenye umri wa kuelewa aulizwe pia. Kisha tangazo liseme tu kwamba mwanafunzi mmoja wa shule anahitaji msaada wa matibabu, kiasi kinachohitajika, na jina la mwalimu anayepokea michango. Anayetoa kwa moyo hatahitaji picha.

Tabia: kiandikwe kitendo, si jina la kuitwa

"Mkorofi" ni hukumu, si habari. Neno hilo halimwambii bibi kilichotendeka, wala halimwelekezi namna ya kumsaidia mtoto. Ndivyo yalivyo maneno "mwizi", "mtoro", "mvuta bangi" na "amechanganyikiwa". Mtoto aliyechukua kalamu moja akiitwa mwizi katika karatasi, karatasi hiyo huweza kudumu kuliko kosa lenyewe na kusomwa miaka mitano baadaye na mtu asiyemjua.

Panapolazimu kuandika kosa, mathalani katika kumbukumbu za shule, kiandikwe kitendo kilichoonekana, siku, saa, mahali, na aliyekiona. *"Jumatatu saa 4:30 asubuhi, wakati wa mapumziko, alimpiga mwenzake mara moja usoni, tukio lilishuhudiwa na mwalimu wa zamu."* Sentensi hiyo inaweza kuthibitishwa au kukanushwa. Neno "mkorofi" haliwezi. Ikiwa jambo linadhaniwa tu, kumbukumbu iseme kwamba linadhaniwa na nani anayedhani.

Katika barua ya kwenda nyumbani, jina la mtoto wa pili lisiandikwe kamwe. Barua ya mzazi mmoja haipaswi kuwa na habari za mtoto wa mzazi mwingine. Katika mfano huu, barua iliyomtaja aliyevunjwa jino huweza kuwa chanzo cha ugomvi wa koo mbili kabla ya Jumatano kufika.

Hapa kuna jaribu jingine kwa mwalimu. Mzazi wa mtoto aliyepigwa atakuja akiwa na hasira, na njia rahisi ya kumtuliza ni kumwambia kwamba aliyepiga ni mgonjwa na kwao kuna matatizo. Asiambiwe hivyo, kwa barua wala kwa kinywa. Haki yake ni kujua kwamba tukio limeandikwa, mtoto wake ametibiwa, hatua zinachukuliwa, na lini atapewa jibu. Maradhi ya mtoto wa mwenzake si sehemu ya jibu hilo.

Jambo la mimba lina uzito wa pekee. Tangu Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, mwanafunzi aliyekatiza masomo, akiwemo aliyejifungua, anaweza kurejea shuleni. Barua, tangazo au orodha ya utoro iliyoandika "mimba" mbele ya jina lake humtangulia mlangoni siku anaporudi. Orodha iseme tu kwamba hayupo shuleni; sababu ikae katika jalada lenye kufungwa.

Barua ile ile baada ya kusahihishwa

Baada ya kupitisha kipimo kile kwa kila neno, barua inabaki hivi:

*"YAH: WITO WA KUFIKA SHULENI*

*Mzazi/Mlezi, unaombwa kufika shuleni siku ya Jumatano saa 3:00 asubuhi kuonana na Mwalimu wa Darasa. Mtoto yuko salama. Jambo ni la muhimu, hivyo ukishindwa kufika tafadhali piga simu kwa namba iliyo chini kabla ya Jumanne jioni ili upangiwe siku nyingine."*

Mabadiliko manne yanastahili kuangaliwa. Kwanza, mstari wa YAH umebadilishwa. Mstari huo huandikwa kwa herufi kubwa na ndio unaosomwa kwanza na kila anayeifunua karatasi, kwa hiyo siri ikiwekwa hapo imekwisha kutangazwa. Pili, jina la mtoto halimo ndani ya barua. Jina la mlezi juu ya bahasha iliyogundishwa latosha. Tatu, kadi ya hospitali na dawa hazikutajwa. Mlezi ataombwa azilete kwa simu, au baada ya mazungumzo ya kwanza. Nne, nakala mbili zimeondolewa. Mtendaji wa Kijiji na Mwenyekiti wa Kitongoji ni viongozi wanaoheshimika, lakini katika jambo hili hawana hatua ya kuchukua, na kila nakala huongeza meza moja ambako barua italala wazi.

Barua isiwe fumbo kiasi cha kupuuzwa. Wito usiosema siku, saa wala uzito wa jambo huachwa, mlezi akidhani ni mkutano wa kawaida wa wazazi. Ndiyo maana maneno "jambo ni la muhimu" na "mtoto yuko salama" yamebaki: la kwanza linamfanya bibi asikawie, la pili linamfanya asiende mbio kwa hofu. Na jirani akimsomea barazani, hakuna atakachokisikia mtu kikamdhuru mtoto.

Anayepiga simu naye ahakikishe kwanza anazungumza na nani. Aulize jina la anayepokea, kisha aulize kama yuko mahali anapoweza kuzungumza. Simu ikipokelewa na mwenye duka, ujumbe uwe mmoja tu: mlezi aombwe kupiga simu shuleni.

Yaliyoondolewa yaende wapi

Kuondoa neno katika barua si kulitupa. Jumatano bibi akifika, mwalimu atazungumza naye katika chumba chenye mlango, si kwenye kibaraza cha ofisi mbele ya foleni. Kama Kisambaa ndicho anachokielewa vizuri, mkalimani awe mwalimu mwingine, wala si mwanafunzi. Atamweleza alichokiona siku ya Ijumaa: mtoto alianguka saa ngapi, alitetemeka kwa muda gani, alizinduka vipi. Maelezo hayo ndiyo mganga atakayoyahitaji, kwa hiyo bibi apewe ushauri wa kumpeleka mtoto kituo cha afya.

Shuleni, wanaohitaji kujua ni wale tu watakaokuwa karibu na mtoto akianguka tena: mwalimu wa darasa, mwalimu wa malezi na Mwalimu Mkuu. Hao hawahitaji historia ya familia. Wanahitaji kujua la kufanya: kuondoa vitu vigumu vilivyo karibu, kumlaza mtoto ubavu, kutomshika kwa nguvu, kutomwekea kijiko wala kitu chochote kinywani, kutompa maji kabla hajazinduka kabisa, na kuangalia saa. Mtetemeko ukizidi dakika 5, au ukirudi kabla hajazinduka, akimbizwe hospitali. Wanafunzi wenzake wanaweza kufundishwa hatua hizo hizo kama somo la huduma ya kwanza, bila jina la mtu yeyote kutajwa.

Kumbukumbu iliyoandikwa itunzwe katika jalada la mwanafunzi, ndani ya kabati lenye kufuli. Haifai kunakiliwa kwenye daftari linalozunguka madarasani wala kupigwa picha kwa simu.

Sheria inasemaje

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya faragha ya nafsi yake na maisha ya familia yake. Mtoto ni mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya na taarifa zinazohusu watoto miongoni mwa taarifa binafsi nyeti, yaani zile zinazodai ulinzi wa ziada. Sheria hiyo inataka pia taarifa zinazotumika zisizidi zile zinazohitajika kwa lengo lililokusudiwa. Kipimo cha somo hili, cha kuuliza mpokeaji atafanya nini kwa neno lililoandikwa, kinakwenda sambamba na sharti hilo. Aidha, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu ya vipimo vya virusi vya UKIMWI, wala haimwachi nje mtoto wa shule.

Pale ambapo kunyamaza ni kosa

Kuna hali moja ambamo somo hili hugeuka. Ikiwa mtoto ana alama za kipigo, au amesema kwamba anafanyiwa ukatili nyumbani au kwingineko, faragha ya familia isitumiwe kumficha mkosaji. Hapo barua ya kwenda nyumbani isiandikwe kabisa, kwa kuwa huenda atakayeisoma ndiye anayetenda. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa za kuvunjwa kwa haki za mtoto azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa.

Taarifa hiyo iandikwe kwa ukamilifu: maneno ya mtoto kama alivyoyasema, alama zilizoonekana, tarehe na saa. Kinachobadilika ni njia. Iwekwe ndani ya bahasha iliyogundishwa, iandikwe SIRI pamoja na cheo cha mpokeaji, ikabidhiwe mkono kwa mkono na kutiwa saini katika daftari la kukabidhi barua. Wapokeaji ni Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Namba ya simu kwa ajili ya watoto ni 116, nayo haitozwi gharama. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Siri ikishavuja

Ujumbe ukitumwa kwa makosa katika kundi, ufutwe mara moja kwa wote, lakini aliyeutuma asijidanganye kwamba umetoweka. Waliokwisha kuusoma wameusoma, na huenda mmoja ameupiga picha. Hatua inayofuata ni kumpigia simu mlezi na kumweleza kilichotokea kabla hajakisikia kwa wengine. Kisha Mwalimu Mkuu aarifiwe, na wanakundi waombwe kutoueneza, bila kulirudia jina la mtoto katika ombi hilo. Mlezi asiyeridhika anaweza kuanzia kwa Mwalimu Mkuu, akaendelea kwa Afisa Elimu Kata, na akiona inafaa akapeleka lalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Bibi wa mfano huu anaijua siri ya mjukuu wake, na Jumatano mwalimu ataijua kwa kiasi anachohitaji ili amsaidie. Mtoto aliyeikunja barua ile na kuishika mkononi, akipanda nayo mlima kuelekea kitongojini, hakuwa na haja ya kuijua.